Mama mkubwa aliondoka ukumbini katikati ya wimbo. Naomba mnisaidie kuufumbua

binti_ngamiani
Habari zenu wakuu. Mimi ni wa Tanga, ila shule nimesoma bara, kwa hiyo taarabu naisikia tu bila kuielewa kwa ndani. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na harusi ya binamu yangu. Kikundi kilichoitwa kilipiga nyimbo za kawaida mpaka saa tano hivi, halafu wakaanza wimbo ambao sijawahi kuusikia redioni. Mama yangu mkubwa, ambaye alikuwa akisimamia pilau uani na akina mama wenzake, alikuwa amekuja mlangoni kutazama. Ulipofika ubeti huu alijifunika mtandio usoni akaondoka, hakurudi tena. Nimemuuliza, hasemi. Mama mzazi naye ananiambia niache.

Nilikuwa nimerekodi sauti kwa simu. Nimeuandika nilivyousikia:

*Mbuzi yangu ya zamani, meno imeyapoteza*
*Nimeitoa jikoni, nyingine nimeagiza*
*Mbuzi alia uani, wala hataki nyamaza*

Kiitikio: *Mwenye nazi ndiye mimi, nakuna ninavyotaka*

Mimi naona ni wimbo wa mbuzi ya kukunia nazi. Kuna nini cha kumliza mtu mzima hapo?

Kijana wa Sinza
Kwenye harusi si kuna ndafu? Yule mbuzi mzima anayechomwa na kuletwa na majani mdomoni. Nadhani walikuwa wanamwimbia huyo. Mbuzi alia uani, yaani kabla hajachinjwa. Labda mama mkubwa aliumwa tu, au moshi wa kuni ulimuingia machoni.

mwalimu_wa_vina
Nimefundisha ushairi miaka mingi, niseme machache. Kwanza ubeti huo una mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, na vina vimetulia: -ni katikati, -za mwishoni. Aliyetunga anajua kazi yake. Ila ubeti umepungua mshororo mmoja, maana shairi lina mishororo minne. Huenda binti umesahau kuuandika, na huenda tusi lenyewe limo kwenye huo mshororo uliopotea.

Pili, katika mafumbo ya Kiswahili nazi ni mwanamke. Tunda lolote ni mwanamke. Mwenye nazi basi ni mwanamume mwenye mke. Ukishajua hivyo wimbo wote unafunguka: mume anasema mke ni wake na atafanya atakavyo.

Fidla ya Zamani
Mwalimu, shikamoo. Mizani umezihesabu sawa. Lakini hakuna mshororo uliopotea. Nyimbo za taarabu nyingi mno zina beti za mistari mitatu mitatu, na kila ubeti huweza kuimbwa mara mbili. Minne ni ya mashairi ya magazetini na ya vitabu vya shule.

Na kuhusu nazi kuwa mwanamke siku zote, hapo tusikubaliane. Nimepiga fidla Unguja na Tanga zaidi ya miaka ishirini, na nimetunga pia. Nazi imekuwa mwanamke, imekuwa mume, imekuwa nyumba ya urithi, imekuwa hata kiti cha uongozi katika kikundi. Mtu akishika orodha mkononi, kwamba nazi ni hiki na chombo ni kile, atafumbua wimbo ambao hakuna aliyeutunga.

Binti, maneno uliyoyaandika yananipa kitu, ila nataka usikilize rekodi tena kabla sijasema. Mstari wa kwanza waliuimba mara ngapi? Na kila mara, ni *meno imeyapoteza*, au ulisikia *ameyapoteza*? Sikiliza hiyo irabu moja tu. Usiandike unachodhani ni sahihi, andika unachosikia.

MamaZuu
Mie nasema la kwangu, maana limenikuta. Mwaka fulani Magomeni, kwenye arobaini ya mtoto wa shoga yangu, waliimba wimbo wa mti usiozaa, ila una kivuli kikubwa. Mie wakati ule sijapata mtoto. Jirani yangu mmoja akainuka na noti, akaenda kutunza. Mtu akitunza humwangalia mwimbaji. Yeye alimpa mwimbaji mgongo, akanitazama mie, noti anaipepea, halafu akaiacha mkononi mwa mwimbaji bila hata kugeuka. Ukumbi mzima ukajua. Mwimbaji yule hanijui, hajawahi kuniona. Wimbo ule alikuwa ameuimba miji kumi. Ila usiku ule ulikuwa wangu, kwa sababu ya shingo ya yule mwanamke.

Kwa hiyo binti usihangaike na maneno. Niambie nani alitunza, alitunza neno gani likiwa mdomoni mwa mwimbaji, na alikuwa anamtazama nani.

Kijana wa Sinza
Kumbe kutunza si zawadi tu? Mimi nilidhani mtu amependa sauti.

MamaZuu
Mara nyingi ni hivyo, mwanangu. Wimbo ukiwa mtamu mtu hutoa. Lakini anayetoa kwa utamu hutoa popote. Anayetoa kwa jambo lake husubiri neno lake.

binti_ngamiani
Nimesikiliza upya na earphone, tena usiku kukiwa kimya. Fidla ya Zamani, sijui umejuaje.

Mara ya kwanza anaimba *imeyapoteza*, wazi kabisa. Ubeti ukiisha kuna kelele, vigelegele, na sauti ya mwanamke karibu na kipaza sauti. Anarudia ubeti, na sasa ni *ameyapoteza*. Nimerudia mara nyingi kuhakikisha. Mstari wa pili ndiyo umenishtua zaidi. Mara ya kwanza *nimeitoa jikoni*, mara ya pili *nimemtoa jikoni*.

Na kuhusu aliyetunza, nimemuuliza binamu. Anasema ni dada yake mke mdogo wa baba mkubwa. Sikusema mwanzoni, samahani: baba mkubwa ameoa mke wa pili mwaka jana. Mke mdogo mwenyewe alikuwepo, amekaa, hakuinuka.

Fidla ya Zamani
Basi nieleze, na nitakwenda taratibu.

Mbuzi ni neno moja lenye vitu viwili. Kuna ile ya jikoni, kibao chenye chuma cha meno, unakikalia na kukuna nazi. Hiyo tunasema mbuzi *yangu*, *imevunjika*, *nimeitoa*. Na kuna yule wa kufugwa, ambaye ni mbuzi *wangu*, *amevunjika mguu*, *nimemtoa*. Ngeli ndiyo inayokuambia ni yupi. Sasa tazama alivyopanga. Mstari wa kwanza na wa pili yuko jikoni, ni kifaa. Meno ni ya chuma, na chuma kikiisha meno mtu hununua nyingine, hakuna wa kulalamika. Mstari wa tatu anasema *mbuzi alia*. Kifaa hakilii. Hapo amehama ngeli, na msikilizaji mwenye sikio anajua kuwa jambo limegeuka.

Lakini hajafika kwa mtu bado. Mnyama na mtu wote ni *a-*. Ukimkamata mtunzi na kumwambia umemtukana fulani, atakujibu kuwa mbuzi amefungwa uani, na kila nyumba ya Mswahili ina ua na mbuzi. Amepita daraja mbili: kutoka chombo kwenda mnyama, na mnyama anavaa kiambishi kilekile cha binadamu. Hiyo ndiyo kazi nzuri. Fumbo lazima lisimame lenyewe kama hadithi ya kawaida kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku ukiitwa kwa mwenyekiti wa mtaa, uweze kusimama na kuapa kwamba uliimba habari za jikoni, na kila neno likukubalie.

Sasa, mwimbaji wenu alipopewa ile noti alifanya jambo ambalo mtunzi hakuliandika. Alirudisha *a-* nyuma, mpaka mistari ya kifaa. *Meno ameyapoteza*. *Nimemtoa jikoni*. Na tazama, mizani haikuguswa: *ime* na *ame* ni sawa, *nimei-* na *nimem-* ni sawa. Wapigaji hata hawakuhisi. Herufi moja tu kila mstari, na kifaa kimekuwa mwanamke aliyetolewa jikoni kwake. Ndiyo maana nilikuuliza. Maandishi yangekudanganya, kwa sababu ulichoandika ni mara ya kwanza tu.

mwalimu_wa_vina
Nakubali kuhusu mistari mitatu, nilikosea, nilikuwa na shairi la darasani kichwani. Lakini ndugu Fidla, hoja ya ngeli ina udhaifu. Vijana wa siku hizi hawashiki ngeli hata kidogo. Wanasema *kiti amevunjika*, *gari amekuja*. Mwimbaji anaweza kukosea tu, hasa amechoka, saa tano usiku. Tutamhukumu kwa kosa la sarufi?

Fidla ya Zamani
Hoja ya haki. Angekuwa amekosea mstari mmoja ningenyamaza. Lakini mara ya kwanza amesema sawasawa katika mistari yote miwili, na mara ya pili amebadili yote miwili, na katikati yake ndipo noti ilipoingia. Kosa halingojei fedha.

Mwana_Kibokoni
Salaam kutoka Mombasa. Nawafuata kwa makini. Mimi nauliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza: yule aliyetunza alivaa leso gani, yaani khanga? Huku kwetu mtu akijiandaa kumpasha mwenzake hutafuta leso yenye jina la kumalizia. Wimbo unafumba, leso inafumbua. Picha zipo?

Pia nikumbushe kuwa haya si mageni wala si ya juzi. Muyaka bin Haji alikuwa akifumba hapa Mombasa tangu enzi za Wamazrui, na mafumbo yake ya vita na Unguja mengine mpaka leo watu wanabishana alimkusudia nani, kwa sababu waliokuwa wakimjua aliyesemwa wamekwisha.

binti_ngamiani
Picha ipo moja, lakini amesimama kiubavu na maandishi yamekunjwa. Sisomi kitu.

Fidla ya Zamani
Alilosema Mwana_Kibokoni kuhusu waliokwisha ni kweli tupu, na ndilo linalowashinda wengi wanaosikiliza nyimbo za zamani. Chukua kisa ambacho kila mpenzi wa taarabu anakijua, cha Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akaja mjini Unguja, na miaka ya 1920 sauti yake ikawekwa kwenye sahani za santuri kule Bombay. Wenye wivu walimtungia ubeti wakiuliza amekuwa mtu lini, na kwamba alikuja mjini na kaniki chini. Kijana wa leo akisikia hapo anapita. Anadhani wanasema alivaa nguo nyeusi. Kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa na ya maskini wa shamba. Aliyesikia neno hilo wakati ule alisikia neno jingine ambalo halikutamkwa, na hilo ndilo lililokuwa tusi. Neno limebaki kwenye ubeti, sumu imetoka, kwa sababu kaniki haivaliwi tena kama zamani na wengi hawaijui aibu yake.

Na jibu lake Siti halikugusa nguo hata kidogo. Alijibu kwamba uzuri wa sura na ukuu wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Hakutaja jina. Lakini sura na jadi ndivyo walivyokuwa wakijivunia wao, kwa hiyo kila mmoja alijua kofi limemwangukia nani.

Kijana wa Sinza
Swali la kweli. Kama kila mtu anajua anayesemwa, kwa nini wasitaje jina tu? Naona miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, mama yangu anasimulia walikuwa wanarushiana waziwazi na watu wanajaa.

MamaZuu
Walikuwa waziwazi kuliko wazee wao, ndiyo, na ndiyo raha ya mipasho. Lakini hata wao, sikiliza: *wewe*, *yule*, *fulani*. Jina unalitia wewe mwenyewe kichwani. Ukishalitia, umekuwa mwenzao.

Fidla ya Zamani
Na ukitaja jina, aliyetajwa ana haki ya kukujibu kwa jina, na wazee wana haki ya kukuita. Ukifumba, anayesimama kujibu ndiye anayejitaja. Tulikuwa tunaambiana kwenye mazoezi: fumbo halina mwenyewe mpaka mtu alie. Wahenga nao wamesema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, lakini mie naona mwerevu huumia zaidi, maana akishaligangua usoni panasema.

Niseme na jambo la upande wa pili, ili mama mkubwa asionewe wala mwimbaji asionewe. Niliwahi kutunga wimbo wa dau linaloingiza maji. Wallahi nilikuwa namkusudia mtu mmoja tu, tena mwanamume, aliyekuwa akikopa fedha za kikundi. Ulipoimbwa, familia mbili zilinikatia salamu. Moja ilidhani nimemsema binti yao aliyeachika, nyingine ilidhani nimesema ugonjwa wa mzee wao. Yule niliyemkusudia alicheza mpaka jasho likamtoka, akatunza mara mbili. Kwa hiyo mtu kulia si ushahidi kwamba wimbo ulitungwa kwa ajili yake.

mwalimu_wa_vina
Hapo ndipo nataka tufike. Tuna uhakika mwimbaji aliligeuza lile fumbo. Hatuna uhakika kama lilitungwa kwa ajili ya mama huyu. Huenda kikundi kina wimbo wa mbuzi tangu zamani, dada mtu akausikia, akaona unamfaa, akatoa noti. Uani nako kuna akina mama kwenye kila harusi.

Fidla ya Zamani
Sawa kabisa. Ndivyo kwa MamaZuu: wimbo wa miji kumi, mtu mmoja akaunyakua. Na upo utaratibu wa pili, ambao siku hizi ni wa kawaida, mtu kwenda kwa mtunzi na fedha na kisa chake, akaandikiwa wimbo. Namna ya kutofautisha ni moja ninayoijua. Wimbo ulioagizwa huwa na kitu kimoja cha nyumbani, kidogo, ambacho ukumbi mzima hukiona ni pambo tu, na mlengwa peke yake hukisikia kama jina lake. Mtunzi humuuliza aliyeagiza: nipe kitu kimoja ambacho hawezi kukikosa. Wakati mwingine ni rangi ya mlango, wakati mwingine ni jina la duka.

Binti, mama mkubwa ana pengo?

binti_ngamiani
Analo, jino la mbele. Lilitoka zamani. Niliona aibu kulisema hapa.

Fidla ya Zamani
Usione aibu. Lakini pengo ni la kuonekana na kila mtu, na wimbo wa mbuzi ya zamani haunogi bila kutaja meno. Halitoshi kuwa ushahidi. Kama mama mkubwa ana neno alilosikia yeye tu, liko kwingine. Usimuulize kwa nini alilia. Muulize ni mstari gani.

Mwana_Kibokoni
Na hicho kiitikio bado hamjakigusa. *Mwenye nazi ndiye mimi.* Nani anasema *mimi*? Kama ni mume, amemtoa mke jikoni. Kama ni mke mdogo, basi nazi ni mume, na mbuzi ya zamani ni mwenzake. Kiswahili hakituambii ni mwanamume au mwanamke.

MamaZuu
*Mimi* ni wa aliyetunza. Ndivyo ilivyo siku zote. Nilijifunza hilo siku ileile ya Magomeni. Nilipomaliza kulia chooni nilirudi, nikachukua elfu kumi ya mume wangu, nikaenda kutunza ubeti uleule wa mti usiozaa, nikicheza. Nikaimba na mwimbaji. Nilipoutunza mie, kivuli kikubwa kikawa changu, nami ndiye niliyewafunika. Watu wakageuza vigelegele. Mama mkubwa angeutunza kiitikio, *mwenye nazi ndiye mimi*, yule dada angekaa chini. Nazi ni ya mke mkubwa tangu hapo.

Fidla ya Zamani
Ni kweli, ingewezekana. Kiitikio hakina *i-* wala *a-* ya kumfunga mtu, ni *mimi* tupu, na anayeweka noti juu yake ndiye anayekivaa. Ila inahitaji moyo, bibi. Si kila mtu anao saa ile.

binti_ngamiani
Nimerudi. Leo nilikwenda kumsaidia mama mkubwa kufua, nikamuuliza ni mstari gani, kama ulivyoniambia. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani nimeharibu. Halafu akasema: ule wa jikoni, wa kwanza, kabla hawajatunza.

Kumbe hakuwa amesikia hata hiyo *ameyapoteza*. Alikuwa ameshaondoka. Pengo halimsumbui, anasema wajukuu wake wanamcheka kila siku na yeye anacheka nao. Kilichomwondoa ni *nimeitoa jikoni*. Baba mkubwa alipohamia kwa mke mdogo alichukua vitu vichache usiku, na kimoja ni mbuzi ya mama mkubwa, ya mkangazi, aliyopewa na mama yake alipoolewa. Ilikuwa imeisha meno kweli. Mke mdogo akaitoa jikoni kwake, akaitupa uani, akanunua nyingine. Mama mkubwa aliipata kwa mtoto aliyetumwa sukari, akaichukua, anayo chumbani kwake chini ya kitanda. Hakumwambia mtu, kwa sababu kugombania mbuzi mbovu ya nazi ni aibu.

Kwa hiyo mstari ule haukuwa fumbo kwake hata kidogo. Ulikuwa unasema kitu kilivyotokea, neno kwa neno.

mwalimu_wa_vina
Subhanallah. Basi uliagizwa.

Fidla ya Zamani
Uliagizwa. Na aliyeagiza alikijua kisa cha mbuzi yenyewe. Mke mdogo anakijua, dada yake huenda anakijua. Lakini *alia uani, wala hataki nyamaza*, hiyo ni ya mtu anayejua kuwa mama mkubwa aliumia. Mke mdogo angeyajuaje, kama mama mkubwa hakumwambia mtu?

binti_ngamiani
Nilimuuliza hilo pia. Anasema siku aliyoipata ile mbuzi alilia uani kwake, na aliyemkuta ni mtu mmoja tu, akamnyamazisha, akamtengenezea chai. Ni mama yangu mzazi. Na mama ndiye aliyeniambia niache kuuliza.

Sijui nimuanze vipi. Rekodi bado ninayo kwenye simu.